Nilivyouza kiwanja kimoja mara mbili mbele ya mkutano wa wakazi

Kazi yangu ni udalali wa viwanja, na hakuna ushauri unaonikera kama huu: "Wewe angalia hati halisi tu, utakuwa salama." Nimeona watu wakilia wakiwa wameshika nakala ya hati ambayo ni halisi kabisa. Basi wakazi waliponialika niwaeleze jinsi ya kumtambua muuzaji feki na kiwanja kilichouzwa mara mbili, nikaanza kupokea ushauri kutoka kila upande, na karibu wote ulikuwa huohuo wa hati. Dalali mwenzangu akaongeza la kwake: nisiwafumbue watu macho sana, wateja watatukimbia. Sikumsikiliza. Mteja aliyetapeliwa ndiye anayekimbia, tena anakimbia na ukoo mzima.

Nilianza vibaya. Nilikuwa nimeandika karatasi nzuri yenye mambo ya kukagua: hati miliki, ramani ya upimaji, kitambulisho, mkataba wa mauziano. Kabla sijafika nusu, mzee mmoja alikuwa ameshajifunika uso kwa kofia na vijana wa nyuma wako kwenye simu. Nikaikunja karatasi, nikaomba viti vinne.

Kamba nilikuwa nayo kwenye gari, ile ninayopimia. Nikavipanga viti pembe nne katikati ya watu, nikazungusha kamba. "Ndugu zangu, hiki ni kiwanja changu." Nikachukua daftari la shule, nikaandika jina langu ukurasa wa kwanza, nikampa binti mmoja akae nalo mlangoni. "Huyu ndiye msajili wa ardhi. Anayetaka kujua kiwanja ni cha nani, aende kwake."

Nikamwita mama mmoja wa mstari wa mbele, nikamwambia namuuzia. Akaenda mlangoni kukagua daftari, akakuta jina langu. Akarudi, tukaandikiana karatasi, mashahidi wawili wakatia sahihi, akanilipa kwa vipande vya karatasi. Nikamwomba atoke nje kidogo, kama mtu aliyenunua akarudi zake mjini kutafuta pesa za kujenga.

Alipotoka nikamwita kijana wa nyuma, na watu wakaanza kuguna. Nikamuuzia kiwanja kilekile. Naye akaenda kwa msajili, akafungua daftari, akakuta jina langu. Akalipa. Huyu nikamwambia asiishie kwenye karatasi: arudi mlangoni, jina langu likatwe, liandikwe lake. Ndipo nikamwita yule mama arudi ndani.

Ukumbi ulilipuka. Mama anashika mkataba wake, kijana anaonyesha daftari, kila mtu anatoa hukumu. Niliwaacha wabishane muda mrefu kwa makusudi, kwa sababu nilitaka wagundue wenyewe jambo ambalo karatasi yangu isingewafikishia: wote wawili walifanya upekuzi kwenye daftari la msajili, na wote wawili walipata jibu la kweli. Daftari halikudanganya. Lilisema jina langu kwa sababu mama alinunua akabaki na mkataba, hakwenda kuhamisha umiliki. Mkataba wa mauziano ni ahadi baina ya watu wawili, na msajili haujui mpaka upelekwe kwake. Pengo hilo kati ya kulipa na kuandikishwa ndimo kiwanja kinamouzwa mara ya pili. Na penye daftari la usajili, kwa kawaida anayelindwa ni yule aliyetangulia kuandikishwa kwa nia njema, hata kama alinunua wa pili. Mama anabaki kumdai muuzaji, ambaye simu yake haipatikani tena.

"Sasa kijana angejuaje?" mtu akauliza. Nikamgeukia yule mzee wa kofia, ambaye kiti chake kilikuwa kimegusana na kamba. "Mzee, wewe ni jirani. Uliona nini?" Akasema aliona kila kitu, kuanzia mama alivyolipa. "Kuna aliyekuuliza?" Akatikisa kichwa. Hapo hata wa kwenye simu walinyanyua macho.

Nikawapa kisa changu. Nilikuwa na mteja aliyependa kiwanja cha kona, mita 20 kwa 30. Hati safi, upekuzi safi, muuzaji mpole, bei chini kidogo ya majirani. Tukaenda kukiona, nikaona lundo la mchanga pembeni, majani yameshaanza kuota juu yake. Nikamuuliza muuzaji, akasema fundi wa jirani aliomba kuuweka. Sikubishana. Kesho yake nikarudi peke yangu asubuhi, maana majirani hawasemi kitu muuzaji akiwa amesimama hapo.

Namna ya kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Ukimwambia jirani, "Hiki ni cha fulani, sivyo?" atakujibu ndiyo ili amalize maneno. Mimi nauliza, "Samahani mama, hapa mwenyewe ni nani?" halafu nanyamaza. Mama wa jirani niliyemkuta asubuhi ile akajibu bila kufikiri: "Yupi? Wa zamani au huyu aliyemwaga mchanga?" Wa zamani ndiye aliyekuwa akituuzia. Wa mchanga alikuwa amelipa kwa mafungu karibu yote, na mkataba wake alikuwa ameuweka kabatini. Mteja wangu alikuwa amebakiza siku mbili alipe.

Muuzaji feki, yule anayejifanya mwenye hati, naye anaumbuliwa na jirani huyohuyo. Hati anayo, kitambulisho chenye jina lile anacho, lakini mwombe mwende naye kiwanjani jioni watu wakiwa nyumbani, mpite mlango kwa mlango mkisalimia. Mwenye mali ataitwa kwa jina, ataulizwa watoto hawajambo. Feki atakuwa na haraka, atapendelea saa za watu kuwa kazini, ataonyesha mpaka kwa kunyoosha mkono akiwa garini. Mmoja nilimwomba anionyeshe bikoni, ile alama ya mpaka inayowekwa na wapimaji, kwenye pembe ya nyuma, akazunguka kwenye majani mpaka akanionyesha jiwe la kawaida la shambani. Niliaga nikaondoka.

Upekuzi sikuwaambia wauache. Niliwaambia wauombe wenyewe ofisini, si kupokea karatasi aliyokuja nayo muuzaji, na waurudie karibu kabisa na siku ya kulipa, kwa sababu majibu ya mwezi uliopita ni ya mwezi uliopita. Na fungu kubwa la mwisho litolewe wakati nyaraka za uhamisho zimeshasainiwa na zinapelekwa kwa msajili. Anayelipa kwa mafungu aulize kuhusu kuweka zuio kwenye daftari, ili yeyote atakayefanya upekuzi akute kuna mtu mwingine mwenye madai.

Somo zima lilinigharimu kamba niliyokuwa nayo na daftari la bei ya chini kabisa, nami nilitoka nikijua limeingia. Nilipokuwa nakunja kamba, yule mama aliyeigiza mnunuzi wa kwanza alibaki nyuma. Akafungua mkoba, akatoa mkataba uliokunjwa mara nne, mikunjo yake imeanza kuchanika. Alinunua miaka mitatu iliyopita, amemaliza kulipa, hajawahi kufika ofisi ya ardhi. Nikamuuliza: muuzaji bado yupo? Yupo. Mna maelewano? Tunayo. Nikamwambia apige picha ile karatasi kabla haijakatika, kisha kesho aende kwanza kufanya upekuzi kwa namba ya kiwanja, na akikuta jina bado ni la muuzaji aombe zuio, halafu ndipo ampigie simu wakasaini uhamisho.

Aliniuliza wanafungua saa ngapi.