Jibu la "Haiwezekani Kusema" Lilivyonikwamisha

Ndugu zangu mnaosubiri mitihani ya kupima uwezo kwa ajili ya nafasi za wahitimu, nawasimulia kosa lililoniangusha nilipoomba kazi kwa mara ya kwanza katika benki moja. Katika sehemu ya ufahamu unasoma aya fupi, kisha unaamua kama kauli ni kweli, si kweli au haiwezekani kusema, nami nilikuwa nikijibu kwa ninayoyajua kuhusu benki badala ya yaliyoandikwa.

Chukueni mfano huu: "Kila aliyefungua akaunti mwezi Machi alipewa kadi." Kauli inadai kwamba Asha, mwenye kadi, alifungua akaunti mwezi Machi. Nilikuwa nikichagua "kweli" bila kusita, ilhali aya haikusema kwamba waliofungua miezi mingine walinyimwa kadi, hivyo jibu sahihi ni "haiwezekani kusema".

Nilipojiandaa upya, kila jioni nilifanya maswali 10 nikijipimia muda kwa simu, kisha nikarudi kuweka kidole kwenye sentensi iliyobeba kila jibu. Nisipoona inayothibitisha wala inayokanusha, nilichagua hilo la tatu. Kasi ilikuja baadaye, na mara ya pili nikaitwa kwenye usaili.