Broila au kienyeji? Nimefuga wote, na hivi ndivyo nilivyoamua

Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu tayari. Shemeji yangu alisema broila, "mwezi na nusu hela mkononi." Fundi aliyenijengea banda akasema kienyeji, kwa sababu "wale wanajitafutia wenyewe, wewe unaokota mayai tu." Nimewafuga wote wawili hapa Mlandizi, banda moja mkono huu na jingine mkono ule, na naweza kusema kwamba wote wawili walinidanganya, ingawa kila mmoja alidanganya kwa namna yake.

Nianze na broila, maana ndio wenye kelele.

Kuwakuza hakukunishinda. Maranda makavu chini, jiko la mkaa kwa joto la wiki mbili tatu za mwanzo, chanjo ya mdondo wakiwa na wiki moja, ya gumboro wiki ya pili, kisha unarudia mdondo wiki ya tatu. Ukitaka kujua kama joto linatosha, waangalie vifaranga wenyewe. Wakijikusanya karibu na jiko wanalia, wana baridi. Wakikimbilia kuta wameachama midomo, umewapika. Wakitawanyika kama karanga kwenye sinia, kalale. Siku ya chanjo ya maji wanyime maji saa moja au mbili kwanza ili wakimbilie, na usitumie maji ya bomba yenye dawa, yanaua chanjo. Waliokufa kwangu hawakufika kumi katika mia, na wengi walikufa wiki ya kwanza.

Tatizo la broila linaanza siku wanapokuwa tayari.

Twende na hesabu ya kuku mia, kwa bei nilizonunulia, nimezungusha. Vifaranga kama laki na themanini. Mpaka wafike wiki tano kila kuku amekula karibu kilo tatu, hiyo ni mifuko sita ya kilo hamsini, na mfuko ulikuwa unacheza kwenye sabini na tano elfu, kwa hiyo laki nne na nusu. Weka mkaa, maranda na chanjo, unakaribia laki saba. Tuseme wamebaki tisini na tano, ukauza elfu nane kila mmoja, unapata laki saba na sitini. Faida elfu sitini, labda na kidogo zaidi ukipata bei nzuri. Sasa sikiliza. Kuku mia wa umri huo wanakula kilo kumi na tano na zaidi kwa siku, na kilo moja ni kama elfu moja mia tano. Kila siku mteja anapochelewa, zaidi ya elfu ishirini inaingia kwenye matumbo yao. Siku tatu tu, faida yote imeliwa.

Na mteja anachelewa. Dalali aliyeahidi kuja na gari Jumatano akanipigia Jumatano hiyohiyo: "Mama, soko limelala, nivumilie mpaka Ijumaa." Ijumaa simu haipatikani. Jumapili akatokea, akatembea bandani kama mkaguzi, akainua mmoja akampima kwa mkono, kisha akasema hawa wamezidi, atatoa elfu sita na nusu. Nikamwambia, kaka yangu, wamezidi kwa sababu wamekaa wakikungoja wewe. Akacheka. Alijua nina mifuko miwili tu ya chakula imebaki, maana alikuwa ameiona mlangoni. Tangu siku hiyo chakula changu nakificha chumbani, dalali haoni mfuko hata mmoja.

Kuna jambo shemeji hakunieleza, nikaja kulijua kwa vijana wa chipsi hapa barabara ya Morogoro. Kuku hawauzwi kwa kilo, wanauzwa kwa kichwa, kwa macho. Na muuza chipsi hataki kuku mkubwa. Yeye anauza robo kwa bei moja, awe kuku wa kilo moja na robo au wa kilo mbili. Ukimpelekea mkubwa umempa mteja wake nyama ya bure, na sufuria yake ya mafuta inachelewa kuivisha. Kwa hiyo zile gramu mia tano ninazomlisha kuku akimsubiri dalali hakuna anayenilipa. Nilikuwa nanenepesha hasara.

Nilichofanya ni kuacha kungoja siku moja ya kuuza wote. Wakifika wiki nne na siku chache, natoa wale waliotangulia kukua, kumi leo, kumi kesho kutwa, nawapeleka mwenyewe kwa vijana wa chipsi, wameshachinjwa na kunyonyolewa. Wadogo waliobaki wanapata nafasi kwenye vyombo, wanakua haraka, chakula cha siku kinapungua. Baba watoto alisema nimekuwa mchuuzi. Ndiyo, na mchuuzi huyo hamwoni dalali tena.

Kienyeji sasa.

Huyo fundi wa banda aliyesema wanajitafutia, sijui kuku wake anawaona wapi. Kuku mkubwa anajitafutia, kweli. Kifaranga wa kienyeji anatafutwa yeye: na mwewe, na kunguru, na kicheche usiku, na mvua ya asubuhi. Tetea anatoka na vifaranga kumi anawazungusha kwenye umande, mwezi ukiisha anarudi na watatu. Halafu anawalea hao watatu miezi miwili na zaidi, hatagi, anakula. Kwa mwendo huo tetea anataga awamu tatu kwa mwaka, mayai kumi na mawili au kumi na matano kila awamu, na mwisho wa mwaka umepata kuku wachache wa kula sikukuu. Huo si mradi.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja jirani, mtu wa Singida, huko ambako kuku wa kienyeji wanapakiwa kwenye matenga kuja Dar. Nilikuwa nalalamika kwamba matetea wangu wanalalia kila mmoja kwa wakati wake, vifaranga wa umri tofauti wanachanganyika na wakubwa wanawadonoa wadogo. Akaniambia, "Mjukuu wangu, kuku wanalalia pamoja ukiwaambia." Nikadhani ni mambo ya mitishamba.

Kumbe ni hivi. Mayai yote yanayotagwa unayaokota kila siku, unaandika tarehe kwa penseli, unayapanga kwenye trei ncha nyembamba ikiwa chini, mahali penye ubaridi lakini si kwenye friji. Kwenye kila kiota unaacha yai moja au mawili yaliyotiwa alama, hata ya dukani, ili tetea asihame. Tetea wa kwanza akianza kulalia, utamjua: ukimkaribia anajitutumua manyoya, anakoroma, hataki kutoka hata ukimsogeza. Huyo unamwacha juu ya yale mayai ya uongo. Anaendelea kukaa, siku zinapita, mwenzake naye anaanza, kisha wa tatu. Wakifika wanne watano, usiku, gizani, unaondoa ya uongo na kumwekea kila mmoja mayai kumi na mawili mazuri kutoka kwenye trei. Chagua yasiyozidi wiki moja na nusu, yaliyokaa zaidi kula chapati nayo. Wa kwanza usimkalishe zaidi ya wiki mbili, maana anakonda. Mpe maji na punje karibu na kiota.

Siku ya saba nilipita na tochi ya simu usiku, nikiziba mwanga kwa kiganja na kuweka yai juu. Lenye uhai lina vijishipa vyekundu vimetambaa kama mizizi. Lililo safi kama taa ni bure, nikalitoa. Siku ya ishirini na moja banda zima linalia kwa pamoja. Nilimwita baba watoto aje ashuhudie, akaja na meno yake yote nje.

Utamu ni usiku unaofuata. Vifaranga wote unawagawia matetea wawili, wale wenye mabawa mapana, gizani ili wasihesabu. Tetea mmoja analea ishirini na kitu bila shida. Waliobaki unawatoa nje, mbali na sauti ya vifaranga, unawalisha vizuri na jogoo yupo. Baada ya wiki tatu nne hivi wanataga tena. Hapo ndipo kienyeji anapogeuka mradi: tetea ameachiwa kazi ya kutaga, ulezi umechukuliwa na wengine.

Vifaranga wenyewe kwa mwezi wa kwanza hawatoki. Wanakaa na mama zao chini ya tenga au kwenye uzio wa wavu uliofunikwa juu, na wanakula chakula cha kuanzia cha dukani, kilekile cha broila. Ndiyo, kinanunuliwa. Anayekuambia kienyeji hana gharama muulize vifaranga wake wanafika wangapi. Kwangu, katika hamsini wanaototolewa, thelathini na kitu wanafika sokoni.

Na mdondo usiusubiri. Chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho moja, kila miezi mitatu, jioni wakiwa wameshaingia kulala. Kichupa kina dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo nenda kwa majirani, mchangie bei na mchanje wote siku moja, kwa sababu kuku wenu wanachakura jalala moja. Kuku aliyeanza kupinda shingo na kuharisha kijani usimdondoshee, umechelewa.

Tahadhari nyingine: ukinunua matetea, usiuziwe chotara ukiambiwa kienyeji. Kuroila na Sasso wanakua vizuri, lakini kulalia ni nadra kwao. Utakaa na mayai yako ya uongo mpaka yaoze.

Hela ya kienyeji inachelewa. Miezi sita saba ndipo jogoo anafika bei, elfu ishirini na kuendelea, tetea kidogo chini ya hapo, Desemba zaidi. Lakini hapo ndipo ninapowapenda. Mteja akija na bei ya dharau namwambia apite wiki ijayo. Jogoo atakaa, atakula panzi na mabaki ya ugali, na wiki ijayo bei yake haijashuka. Broila hanipi ruhusa ya kumfukuza mtu.

Kwa hiyo kwangu matetea na jogoo ndio mradi, na idadi yao inaishia pale mboga za jirani zinapoanza kudonolewa. Broila naingiza kwa oda tu. Kijana wa chipsi au mwenye shughuli anatoa hela ya vifaranga kwanza, tunahesabu wiki tano kurudi nyuma kutoka siku anayowataka, ndipo naagiza. Shemeji juzi alipita, akaona banda la broila halina kitu, akaniuliza kwa nini nisijaze mia tano. Nikamwambia alete oda.