Bia za jana usiku, gari la asubuhi

Huu mwaka wa tisa niko Uswidi ila Desemba lazima nirudi Moshi, na kila nikirudi kuna kitu kinaninyima raha kabisa, ile safari ya asubuhi baada ya sherehe. Usiku watu siku hizi wanaogopa kuendesha, shida mtu akishalala masaa matano akaoga anajua yameisha.

Mwaka jana tulikuwa na kipaimara Marangu. Binamu yangu, kilo 80, alianza saa mbili usiku, mpaka anaenda kulala kapiga bia sita za nusu lita, zile za asilimia 5. Saa kumi na mbili asubuhi namkuta kashika funguo anataka kushuka Himo kumpokea mama mdogo, kikombe cha kahawa mkononi, anang'ang'ania "niko freshi kaka". Nikamwambia kaa kwanza tupige hesabu.

Bia moja ya hivyo ina karibu gramu 20 za pombe yenyewe, sita ni 120. Kwa mwili wake hiyo ni kama miligramu 210 kwenye kila mililita 100 za damu. Ini linapunguza kama 15 kwa saa, na haliharakishwi na supu wala maji baridi, kahawa inakutoa usingizi tu pombe iko palepale. Kuanzia saa mbili alipoanza ni masaa kumi, zimetoka 150, zimebaki 60. Sheria ya Tanzania inasema mwisho 80, akafurahi, "si unaona nimepita!" Ila hiyo 15 ni makadirio jamani, kuna watu ini lao linatoa 10 tu, na wa hivyo asubuhi ileile angekuwa na 110. Ninakoishi mwisho ni 20, tangu 1990, na hata hiyo 60 ni mara tatu yake. Kuisha kabisa ilikuwa mpaka saa nne asubuhi. Na mke wake, ambaye ni mdogo kwa umbo, bia hizohizo zingempanda zaidi na kukaa zaidi.

Mbege ndo usiseme, nguvu yake inategemea imechachuka siku ngapi, haiandikwi popote, kwa hiyo huwezi kuihesabu. Mimi nikinywa kata mbili usiku, asubuhi sishiki usukani.

Funguo akampa dada yake ambaye hanywi, mama mdogo akapokelewa vizuri tu.

Mwaka huu tumepanga kabla chupa haijafunguliwa: gari linabaki Moshi mjini, kwenda na kurudi ni teksi ya jirani tuliyeelewana naye bei mchana na tunajua hagusi pombe (bodaboda ya kuokoteza saa saba usiku hapana, naye huenda katoka kunywa), na safari ya kesho yake tumeiandika saa nane mchana.