Raundi 12 zilificha jibu, 6 zikalileta

Programu niliyorithi iliigiza utafutaji wa Grover, algoriti ya kwanta ya kutafuta kitu, kwenye orodha ya vitu 64, jibu likiwa moja tu, na ilikuwa imewekewa raundi 12. Jibu halikutokea. Hata kubahatisha kungefanya vizuri zaidi.

Badala ya kukagua msimbo mstari kwa mstari, nilichapisha uwezekano wa kupata jibu baada ya kila raundi. Ulipanda hadi 0.96 raundi ya 5 na 0.997 raundi ya 6, kisha ukaporomoka. Raundi ya 12 ulibaki 0.00007. Kumbe msimbo ni mzima, tatizo ni idadi ya raundi. Uwezekano P baada ya raundi k kwenye orodha ya vitu N ni:

```
P(k) = sin²((2k+1)θ),  sin θ = 1/√N
```

Kila raundi huzungusha hali ya mfumo kwa pembe ileile, 2θ. Hapa θ ni nyuzi 7.18. Tunataka kukaribia nyuzi 90, yaani k iwe karibu (π/4)√N, ambayo ni 6. Mzunguko haujui kusimama wenyewe: raundi 12 huufikisha nyuzi 179.5, ambako sine ni karibu sifuri.

Kupunguza zaidi je? Amplitudi ya jibu, ambayo mraba wake ndio uwezekano, huanzia 1/√N, na kila raundi huiongeza kwa takriban 2/√N tu. Imethibitishwa kwamba kwa utafutaji kwenye orodha isiyo na mpangilio, hakuna algoriti ya kwanta inayoweza kushuka chini ya kiwango cha √N.

Nikafuta ile 12, programu ikokotoe k yenyewe:

```
k = floor((π/4)·√(N/M))
```

M ni idadi ya majibu, nayo usiipuuze: yakiwa manne, raundi 3 hutoa 0.96, lakini zile 6 hutoa 0.02.