Limau halitoi zebaki kwenye papa: nilivyoishusha yangu kabla ya kubeba mimba

Nilikula papa mara mbili kwa wiki kwa miaka minne. Nilimpenda kwa sababu hana miiba midogo, nyama yake imeshikana, na kipande kimoja kinatosha mlo mzima. Nilipomwambia daktari kwamba mimi na mume wangu tunajiandaa kupata mtoto, aliniuliza nakula samaki gani. Nikamtajia. Akaniambia papa niache kuanzia siku hiyo kwa sababu ya zebaki, metali yenye sumu iliyomo kwenye nyama yake, pamoja na samaki upanga na jamaa zake wenye pua ndefu ambao wengi wetu huwaita sulisuli bila kuwatofautisha.

Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni, nikampigia simu dada yangu mkubwa. Akacheka. "Mdogo wangu, hiyo zebaki inatolewa. Loweka kwenye maji ya limau na chumvi usiku kucha, asubuhi mwaga maji, chemsha mara moja, mwaga tena, ndipo upike." Akaongeza kwamba nitoe ngozi na kila penye mafuta, maana sumu hukaa kwenye mafuta.

Nililifuata agizo lile kwa utiifu mkubwa. Nilinunua bakuli kubwa lenye mfuniko kwa kazi hiyo tu. Kila mara nilikata vipande vyembamba ili limau lipenye, nikavigeuza kabla ya kulala, na asubuhi nikavisuuza mara tatu. Na kitu kilikuwa kinatoka kweli! Maji ya asubuhi yalikuwa na ukungu, na ile harufu kali ya papa inayochoma pua ilikuwa imekwisha kabisa. Nilinusa nyama, nikainusa tena, nikamwita mume wangu naye anuse. Tukaamini sumu imeondoka.

Baadaye nilielewa nilichokuwa nakitoa. Papa huhifadhi urea nyingi mwilini, na akishakufa urea hiyo hugeuka kuwa amonia. Ndiyo harufu ile. Inayeyuka kwenye maji, na asidi ya limau huituliza, kwa hiyo kuloweka kunaiondoa vizuri sana. Zebaki ni habari nyingine kabisa. Iliyomo kwenye samaki ni ya aina iitwayo methilizebaki, nayo imeng'ang'ania protini ya nyama yenyewe. Haielei kwenye mafuta ukaikwangua, haimo kwenye ngozi ukaichuna, haina harufu wala ladha ya kukuonya. Ukichemsha, kukaanga au kukausha, kinachopungua ni maji ya nyama. Zebaki inabaki yote ndani ya kipande kilichosinyaa, kwa hiyo gramu mia za papa mkavu zina zebaki nyingi kuliko gramu mia za yule mbichi. Nilikuwa nasafisha kitu kimoja huku nikihesabu kwamba nimesafisha kingine.

Kosa la pili liliniumiza zaidi, kwa kuwa safari hii nilidhani nimekuwa mwangalifu. Baada ya wiki sita za limau nilikwenda maabara moja kupima. Nilisema nataka kipimo cha zebaki, wakanipa kichupa cha mkojo. Majibu yakaja: kiwango kidogo, hakuna tatizo. Nilimtumia dada picha ya karatasi ile, na tukaendelea na limau letu kwa wiki nyingine tatu.

Niliporudi kwa daktari na karatasi mkononi, hakufurahi nami. Alinieleza kwamba mkojo unafaa kwa mtu anayevuta mvuke wa zebaki kazini, kama wachimbaji wanaoitumia kukamata dhahabu. Zebaki ya samaki hutoka mwilini zaidi kwa njia ya choo kikubwa, na kwenye mkojo haionekani sana hata kama umejaa nayo. Kipimo cha mla samaki ni damu au nywele. Mtu akikupa kichupa cha mkojo kwa ajili hiyo, mrudishie, ukaombe damu.

Damu ikasema mikrogramu 24 kwa lita. Shirika la mazingira la Marekani limejiwekea kiwango cha tahadhari ambacho kwenye damu ni takriban 5.8. Daktari alinituliza: 24 si kiwango cha kumwangusha mtu mzima, na mimi mwenyewe sikuwa na dalili yoyote, si ganzi ya vidole wala kutetemeka. Shida ni kwamba methilizebaki huvuka kondo la nyuma bila kizuizi, na damu ya mtoto tumboni huwa nayo nyingi kuliko ya mama. Ubongo unaojengwa ndio unaodhurika, na unadhurika kwa kiasi ambacho mama hakihisi hata kidogo.

Hapo ndipo nilipotaka kuelewa kwa nini papa, na kwa nini si samaki wote. Zebaki hufika baharini kutoka hewani, kwa moshi wa makaa ya mawe, volkano na uchimbaji wa dhahabu, na bakteria huigeuza kuwa methilizebaki. Viumbe wadogo kabisa hupata chembe tu. Anayewala hukusanya za wote aliowala, kwa sababu hatoi haraka anavyoingiza, na anayemla huyo hukusanya zaidi. Papa na samaki upanga wako juu ya ngazi hiyo, na wanaishi miaka mingi wakiendelea kukusanya. Vipimo vya Marekani vinaonyesha wastani wa karibu miligramu 1 kwa kila kilo ya nyama yao. Dagaa wa jamii ya sadini wana kama 0.013. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara sabini.

Nikachukua kalamu. Wataalamu wa kimataifa wa usalama wa chakula waliweka mwaka 2003 kikomo cha methilizebaki cha mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Mimi nina kilo 60, kwa hiyo wiki nzima ni mikrogramu 96. Miligramu 1 kwa kilo ni sawa na mikrogramu 1 kwa gramu, kwa hiyo kipande cha papa cha gramu 150 kina takriban 150. Kipande kimoja tu kilikuwa kinavuka wiki yangu, na mimi nilikuwa nakula viwili. Kwa sadini ningehitaji zaidi ya kilo saba kwa wiki kufika hapohapo. Kisha nikampigia hesabu mpwa wangu wa kilo 15, ambaye kila akija alikuwa anakula na mimi: wake ni mikrogramu 24, yaani matonge mawili matatu ya papa. Sikulala vizuri usiku ule. Nilimwambia mama yake asubuhi, na tangu siku hiyo mtoto yule hapewi papa.

Mume wangu aliuliza kama naye aache. Yeye ana kilo 80. Kile kiasi cha 1.6 kiliwekwa kwa ajili ya mtoto aliye tumboni, na wataalamu walewale walisema baadaye kwamba watu wazima wengine wanaweza kufika takriban mara mbili yake bila kuhatarisha ubongo wao, ila si wanawake wa umri wa kuzaa wala watoto. Kwake inakuwa kama mikrogramu 256 kwa wiki, yaani mlo mmoja wa papa na nafasi kidogo kwa samaki wengine. Uingereza huwaambia watu wazima vivyo hivyo: papa, samaki upanga na marlini, mmoja wa wale tunaowaita sulisuli, visizidi mlo mmoja kwa wiki. Mjamzito, anayetafuta mimba na mtoto chini ya miaka 16 huambiwa aviache kabisa. Anayenyonyesha anaruhusiwa kule mlo mmoja kwa wiki, wakati Marekani inamwambia aviepuke, nami nikachagua ukali wa Marekani.

Mama mkwe aliposikia yote haya alisema dawa ni moja, niache samaki wote. Huu nao ni ushauri mbaya, tena unatolewa kwa upendo na watu wengi sana. Ubongo uleule tunaoulinda na zebaki unahitaji mafuta ya omega-3 yaliyomo ndani ya samaki. Marekani inawashauri wajawazito wale samaki wenye zebaki kidogo mara mbili au tatu kwa wiki. Nilimjibu kwa adabu, "Mama, samaki nitakula, ila wawe wadogo," nikahamia kwa sadini na perege. Jodari mbichi niliacha, kwa kuwa yule mwenye macho makubwa yumo kwenye orodha ya kuepukwa na mimi siwezi kumtambua akishakatwa vipande. Minofu isiyo na jina siinunui. Nauliza ni samaki gani, na jibu likiwa "samaki mkubwa mzuri tu", naondoka.

Mtu mwingine alitaka kuniuzia dawa ya kusafisha damu. Daktari alikataa katakata. Dawa halisi za kunyofoa metali mwilini ni za watu waliopata sumu kali, na zina madhara yake. Methilizebaki hutoka yenyewe, na nusu yake huondoka kwa takriban siku 50. Kwa hiyo kutoka 24 ni 12, kisha 6, kisha 3. Miezi mitano. Tuliahirisha mimba kwa miezi hiyo.

Baada ya wiki saba damu ilisoma 13. Miezi mitano ilipotimia, 4.

Lakini kilichonifurahisha kuliko vyote ni nywele. Unywele hurefuka kama sentimita moja kwa mwezi, na zebaki iliyokuwa kwenye damu siku ulipoota hufungiwa ndani yake, haitoki tena. Basi kila sentimita ni mwezi. Nilikatwa kifungu chembamba kisogoni, karibu kabisa na ngozi, kikafungwa uzi upande wa shina ili kisigeuzwe, na nikaomba wapime kila sentimita peke yake badala ya kusaga yote pamoja. Nywele zangu hazikuwa zimetiwa dawa ya kubadili umbo, maana dawa hizo zinaweza kupunguza kinachosomeka.

Sentimita ya tisa na ya nane kutoka kichwani, za kabla ya limau, zilisoma mikrogramu 6 kwa gramu. Ya saba na ya sita, miezi ya limau, chumvi na lile bakuli: 6.2 na 5.9. Hakuna kilichopungua. Kuanzia ya tano namba zikaanza kushuka: 5.3, 3.7, 2.5, 1.7, na ile iliyogusa ngozi ya kichwa 1.2.

Nilimpelekea dada karatasi hii pia. Aliisoma kimya, akauliza sentimita zake zingesema nini, kwa kuwa yeye naye ana binti aliyeolewa majuzi na wanapika chungu kimoja. Binti alipimwa damu wiki iliyofuata. Mimi nilishika mimba mwezi wa pili baada ya kipimo kile, na bakuli la limau sasa ninalowekea maharage.