Mradi wa tuisheni Mtwara: wazazi nimewagawa kwa msimu wa hela

Sehemu ya wateja kwenye mpango wangu imekaa sawa sasa. Wazazi sikuwagawa kwa kipato, maana mkulima wa Newala mwenye mikorosho ya kutosha anaweza kumpita mtumishi ukipiga hesabu ya mwaka mzima, ila mwezi wa sita ukimwambia alete 30,000 ya tuisheni hana kabisa. Kwa hiyo nimeangalia hela inaingiaje. Wa mshahara analipa kila mwisho wa mwezi, huyo hana shida. Mama anayeuza samaki au maandazi namtoza kwa wiki, basi.

Mzazi wa korosho ndo nimekaa naye sana. Minada inaanza kama mwezi wa kumi, hela inapita chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS, halafu inaingia benki, na mtihani wa darasa la saba unafanyika mwezi wa tisa! Yaani mtoto anapohitaji tuisheni kuliko wakati wowote, nyumbani pamekauka. Ukimfuata mzazi huyu mwezi wa saba atakwambia "tutaona mwalimu", ukaandika hajali elimu, kumbe anasubiri mnada.

Sasa angalia mtoto huyohuyo baada ya mtihani. Yuko nyumbani mpaka Januari, kasoma kwa Kiswahili miaka yote, akiingia fomu wani anakutana na hesabu na baiolojia kwa Kiingereza. Hapo hitaji na hela vinakutana. Kwa hiyo kundi hili siliuzii maandalizi ya la saba, naliuzia pri-fomu wani ya wiki kumi, kuanzia katikati ya Oktoba.

Bei ni 90,000, anatanguliza 30,000 na 60,000 inakuja baada ya mnada. Darasa la watoto kumi linanipa 300,000 mwanzoni, mwalimu nampa 30,000 kwa wiki, kwahiyo hata malipo ya korosho yakichelewa (na huwa yanachelewa) mwalimu wangu halali njaa. Watoto wakiwa sita tu utangulizi ni 180,000, hautoshi, darasa sifungui.

Kwenye maelezo ya mzazi huyu nimeandika watu wawili. Akaunti mara nyingi ni ya baba, ila anayejua mtoto kakwama wapi na atakayenipigia simu ni mama, kwahiyo maendeleo namwambia mama, tarehe ya malipo nakubaliana na baba.

Wapo wanaoangukia pande mbili, mwalimu wa Tandahimba mwenye shamba kwa mfano. Huyo simuulizi "utaweza kulipa shingapi", namuuliza sare na madaftari ya mwaka huu alinunua lini na kwa hela ipi. Akisema za korosho namweka korosho, hata kama ana mshahara.

Kinachofuata ni bei ya wale wa kila wiki, hasa ikifika Ramadhani maana wauza maandazi wa mchana biashara inasimama.