Siku moja maishani mwangu: dakika 41 za duka kufungwa, na barua pepe ya kuzieleza

Saa 2:31 asubuhi. Mwenye duka la leso na mashuka, Mombasa, anapiga simu: wateja wanajaza kikapu, wakibonyeza kulipa ukurasa unazunguka tu. Duka lake ni WooCommerce kwenye seva tunayoisimamia sisi. Kengele yetu haijalia. Ukurasa wa mbele unafunguka vizuri kwa sababu unatoka kwenye nakala iliyohifadhiwa na nginx, na kengele inaangalia ukurasa huo peke yake.

Amri ya `df -h` inaonyesha diski imejaa, 100%. Logi ya MySQL, hifadhidata ya duka, ina mstari huu:

```
Disk is full writing './binlog.000412' (OS errno 28 -
No space left on device). Waiting for someone to free space...
```

MySQL ikikosa nafasi haizimiki. Inasubiri na kujaribu tena kila dakika moja. Anayesoma bidhaa anapita, lakini kila jambo linaloandika, kama oda mpya au malipo yaliyothibitishwa, linakwama. Baada ya sekunde 60 nginx inachoka kusubiri na kumpa mteja kosa la 504.

Saa 2:40. Barua pepe ya kwanza, mistari mitatu: malipo hayapiti, tumeona chanzo ni diski iliyojaa, tutaandika tena kabla ya saa 3:10. Ya kwanza haihitaji maelezo. Inahitaji saa ya barua ifuatayo, na saa hiyo lazima itimizwe hata kama hakuna jipya.

Saa 2:44. Mpangilio wa hatua una maana hapa. Ukifungua nafasi moja kwa moja, maombi yaliyokwama yanaendelea palepale yalipoishia, na mteja aliyekata tamaa nusu saa iliyopita anaona simu yake ikimwomba PIN ya M-Pesa ghafla. Kwa hiyo PHP-FPM, inayoendesha msimbo wa duka, inazimwa kwanza. Mafaili ya `binlog`, ambamo MySQL huandika kila badiliko la data, usiyafute kwa `rm`, maana MySQL inayo orodha yake na itayatafuta. Hata amri ya kuyafuta inaweza kukwama diski ikiwa imejaa kabisa, ndiyo sababu tunaanza na logi za mfumo ili ipatikane pumzi kidogo:

```
systemctl stop php8.3-fpm
journalctl --vacuum-size=200M
mysql -e "PURGE BINARY LOGS BEFORE NOW() - INTERVAL 3 DAY"
systemctl start php8.3-fpm
```

Saa 2:53 oda ya majaribio inapita.

Saa 2:55. Kabla ya chai, pesa. WooCommerce hufuta yenyewe oda ambayo haijalipiwa baada ya dakika 60, kama mpangilio wa `Hold stock (minutes)` haujabadilishwa. Mtu aliyeweka oda saa 2:10 na kuingiza PIN saa 2:13 amekatwa pesa, lakini taarifa ya malipo ilipofika dukani ilikuta mlango umefungwa. Kuanzia saa 3:10 oda yake inaweza kufutwa. Mpangilio huo wa dakika nauacha tupu kwanza ili oda zisifutwe, kisha naomba taarifa ya M-Pesa ya mwenye duka na kulinganisha kiasi na saa, mstari kwa mstari. Zinapatikana oda tatu zilizolipiwa ambazo bado zimeandikwa `Pending payment`. Zinathibitishwa kwa mkono. Saa 3:05 barua fupi ya pili inakwenda: duka linafanya kazi, oda tatu zimeokolewa, maelezo kamili yanakuja leo.

Saa 4:30. Kutafuta saa halisi. Logi za seva zinaandika UTC, na Mombasa iko mbele kwa saa tatu. 504 ya kwanza ni 05:13, na ombi lake lilianza 05:12, yaani saa 2:12 asubuhi. Ukihesabu kuanzia simu ilipoingia utaandika dakika 22, nawe utakuwa umemdanganya mteja bila kukusudia.

Chanzo ni hesabu ambayo hatukuifanya. Siku 27 zilizopita tuliwasha kazi ya kusasisha bei zote kila siku saa 2 asubuhi. Kila mara inaacha takriban GB 1.6 za `binlog`, na MySQL 8 huzitunza siku 30 usipoiambia vingine. Siku 30 ni GB 48. Nafasi iliyokuwapo ilikuwa GB 44. Siku ya 28, kazi ikiwa katikati, ikajaa.

Liko na la kuuma zaidi: onyo la diski kufika 90% lilitumwa siku tano kabla, kwenye sanduku la pamoja lenye mamia ya taarifa. Hakuna aliyelisoma. Hilo nalo linaingia kwenye barua.

Saa 7 mchana. Rasimu ya kwanza ilisema "kulitokea hitilafu ya kiufundi". Mwenzangu aliifuta. Sentensi hiyo haina mtu wala kitu ndani yake, na anayeisoma anajua anafichwa jambo. Pia ilianza na diski, ilhali mwenye duka anataka kujua kwanza kuhusu pesa. Iliyotumwa saa 8:20 ni hii:

> Baada ya salamu,
>
> Leo kuanzia saa 2:12 hadi saa 2:53 asubuhi, dakika 41, wateja wako hawakuweza kuweka oda wala kulipa. Wateja watatu walikatwa pesa bila oda kuthibitishwa. Tumezithibitisha zote tatu. Namba zake ziko chini. Oda zilizokuwapo ziko salama. Waliojaribu wakashindwa kabla ya oda kuandikwa hatuwezi kuwatambua.
>
> Kosa ni letu. Tulipowasha kazi ya kusasisha bei hatukupima nafasi ambayo kumbukumbu zake zingechukua, na diski ikajaa. Onyo lilitoka siku tano kabla, nasi hatukulisoma. Kengele yetu nyingine iliangalia ukurasa wa mbele tu, kwa hiyo tulijua kwa simu yako.
>
> Tayari leo: kumbukumbu hizo zinatunzwa siku 3 badala ya 30, na kusasisha bei kumehamia saa 9 usiku. Kabla ya saa 11 jioni: onyo la diski litatoka ikifika 70% na kwenda kwenye simu ya aliye zamu. Kufikia Ijumaa: kengele itajaribu kuweka oda kila dakika tano.
>
> Hatua hizi zinazuia diski kujaa kwa njia hii. Haziwezi kuzuia kila aina ya kukatika.

Siku 3 zimechaguliwa kwa sababu bakapu hutoka kila usiku. Bakapu ingekuwa ya kila wiki, siku 3 zingeacha pengo wakati wa kurejesha data.

```
SET PERSIST binlog_expire_logs_seconds = 259200;
```

`PERSIST`, si `GLOBAL`. Ukitumia `GLOBAL`, MySQL ikiwashwa upya inarudi siku 30.

Saa 10:30 jioni. Ahadi ya saa 11 inajaribiwa. Diski ya GB 80 imetumika GB 41, kwa hiyo faili tupu la GB 16 linaivusha 70%:

```
fallocate -l 16G /var/jaribio
```

Simu ya aliye zamu inalia baada ya dakika mbili. Faili linafutwa, kisha mstari mmoja unakwenda kwa mwenye duka kwenye uzi uleule: "Onyo la 70% limejaribiwa saa 10:34 na limefika."